Sentensi moja iliyobeba mambo matatu: ripoti ya maslahi ya mtoto inayosimama mahakamani

*Mahakama iliniagiza niandike ripoti kuhusu mtoto wa miaka 6 ambaye wazazi wake wametengana. Niliandika: "Mtoto ana hofu na baba yake, ameathirika kisaikolojia, na kwa maslahi yake bora abaki kwa mama." Wakili wa baba alinibana kwa maswali ya dodoso mpaka nikakosa la kusema. Hakimu ameagiza niiandike upya, nitenganishe ukweli na maoni, na niseme mipaka ya utaalamu wangu. Nianzie wapi? Mimi ni afisa ustawi wa jamii.*

Ndugu yangu, sentensi hiyo ina vipande vitatu, na kila kimoja kina kasoro ya aina yake. "Ana hofu na baba yake" ni tafsiri iliyovikwa nguo za ukweli. "Ameathirika kisaikolojia" ni kauli ya kitabibu ambayo kwa kazi yako hukusomea kuitoa. "Abaki kwa mama" ni pendekezo lililoruka hatua zote za katikati. Hakimu akiisoma hana pa kushika. Haoni ulichokiona, hawezi kupima ulivyofikiri, na baba akikanusha jambo moja hajui kipi kianguke na kipi kibaki.

Hilo la mwisho ndilo kipimo ninachokuomba ukitumie kwa kila ukurasa. Mambo yanayobishaniwa huamuliwa na mahakama, si na mwandishi wa ripoti. Hakimu anaweza kumwamini mwalimu na asimwamini shangazi. Ripoti inayofaa ni ile ambayo hakimu akifuta aya moja ya ukweli anaona papo hapo ni maoni gani yamepoteza mguu na yapi bado yamesimama. Ya kwako ilikuwa kama kitambaa kilichoshonwa kwa uzi mmoja: wakili alivuta ncha, ikafumuka yote.

Usianze kwa kuhariri ripoti ya zamani. Iweke kando, ufungue daftari la siku uliyowatembelea. Tuseme umeandika humo hivi. Baba aliingia sebuleni kwa mama saa 4:20 asubuhi. Mtoto alikuwa ameketi sakafuni akichora. Aliinuka, akaenda nyuma ya kiti alichokalia mama, akashika nguo yake. Baba alimwita kwa jina mara 2, hakuitika. Mama akasema, "Mwacheni, hataki." Baba akaketi sakafuni, akachukua penseli, akaanza kuchora bila kumwita tena. Saa 4:31 mtoto alitoka nyuma ya kiti, akaketi kama mita 1 kutoka kwa baba, akatazama, kisha akasema, "Huyo si mbuzi." Wakachora pamoja hadi saa 5:05. Baba alipoinuka kuondoka, mtoto akamuuliza, "Utakuja tena lini?"

Sasa lisome tena neno "hofu". Linagusa dakika 11 za mwanzo tu. Dakika 34 zilizofuata, pamoja na lile swali la mwisho, zimetoweka. Hukuzificha kwa makusudi. Neno ndilo lililozimeza, kwa sababu ukishaandika jumla hurudi tena kutazama kilicho ndani yake. Wakili aliyekuuliza "umejuaje?" alikuwa anaulizia dakika hizo. Kama ungeziandika zote, pamoja na kauli ya mama, usingehitaji kujitetea.

Kwa hiyo sehemu ya ukweli iandikwe kwa vitenzi vya macho na masikio: aliinuka, alishika, hakuitika, alisema. Ondoa humo maneno kama "mwoga", "mkali", "mwenye upendo" na "nyumba chafu". Badala ya nyumba chafu, andika ulichokiona: vyombo visivyooshwa, harufu ya mkojo kwenye godoro, chumba kimoja chenye dirisha lisilofunga. Na uandike pia yale yanayokwenda kinyume na unakoelekea. Hapo ndipo uaminifu wa mwandishi hupimwa, kwa sababu yanayokubaliana nawe hujiandika yenyewe.

Ukweli wenyewe hauna uzito mmoja. Kuna uliouona, kuna ulioambiwa, na kuna uliousoma kwenye hati. Mama akikuambia kwamba baba humpiga mtoto kwa mkanda, ukweli ulio nao wewe ni kwamba mama alisema hivyo, tarehe fulani, mahali fulani. Hujapata ukweli kuhusu mkanda. Wengi wanalijua hilo na ukurasa wa pili huandika vizuri kabisa, "Mama alisema baba alimpiga." Ukurasa wa tano sentensi imeshabadilika kuwa "tangu baba alipompiga", na ukurasa wa saba kuwa "kutokana na ukatili wa baba". Hakuna ushahidi mpya ulioingia katikati. Kauli imepanda cheo kwa kurudiwarudiwa tu. Namna ya kuligundua kosa hili ni rahisi: chukua sehemu ya maoni, pigia mstari kila tukio ulilolitaja kana kwamba lilitokea, kisha urudi nyuma kutafuta aya lilikotoka. Ukikuta aya inasema "aliniambia", sentensi ya maoni nayo lazima ibebe "ikiwa".

Angalia vilevile vitenzi vya kusema. Ukiandika mama "alieleza" na baba "alidai", umeshahukumu. Ukiandika baba "alikiri kwamba alikuwa safarini", umemfanya mkosaji kwa kusafiri. Tumia "alisema" kwa wote, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Itachosha kidogo kusoma, lakini haitamwonea mtu.

Maneno ya mtoto yanahitaji uangalifu kuliko yote, na hapa nitakaa kidogo. Yaandike kama alivyoyatamka, pamoja na swali lililoyatoa. Jibu la "ndiyo" kwa swali "Baba yako ni mkali, siyo?" halina thamani, kwa sababu mtoto wa miaka 6 humjibu mtu mzima kile anachohisi kinatakiwa. Utafiti wa muda mrefu kuhusu kuwahoji watoto unakubaliana kwamba maswali wazi, ya aina ya "niambie" na "kisha ikawaje", hutoa maelezo sahihi zaidi kuliko maswali ya ndiyo au hapana, na kwamba swali lenye jibu ndani yake, likirudiwa, linaweza kubadilisha hata kile mtoto anachokikumbuka. Hakimu asipoliona swali, hawezi kulipima jibu.

Kisha kuna lugha yetu yenyewe. "Alinipiga" na "alinipigia" zinatenganishwa na irabu moja, na moja ni kipigo, nyingine ni simu. Chukua mazungumzo haya. Ulimwambia mtoto, "Niambie siku ulizokaa kwa baba zilikuwaje." Akajibu, "Tulipika. Baba akapiga kelele. Nikalala." Ukamwambia, "Niambie zaidi kuhusu kupiga kelele." Akasema, "Alikuwa anamgombeza mama kwenye simu." Afisa aliyechoka anaweza kuandika jioni, "Mtoto anasema kwa baba kuna kupigwa na kelele." Kuanzia hapo mkanda wa mama umepata shahidi ambaye hakuwahi kuutaja. Ndiyo maana maneno huandikwa palepale, au ndani ya saa chache baada ya mazungumzo, na daftari hutunzwa hata baada ya ripoti kuwasilishwa, kwa sababu linaweza kuitishwa. Mtoto akizungumza lugha nyingine ya nyumbani, andika maneno yake kwa lugha hiyo, weka tafsiri kando, na useme nani alitafsiri. Mtafsiri akiwa ndugu wa upande mmoja, liseme hilo pia.

Usimuulize "unataka kukaa na nani?" Swali hilo linamtwika mtoto hukumu ya wazazi wake. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inampa haki ya kutoa maoni yake na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake, haimtaki achague. Muulize siku zake zinavyokwenda, nani humwamsha, akiumwa huenda kwa nani, angependa nini kibadilike. Wala usimwahidi siri. Atakachokuambia kitasomwa na wazazi wote wawili, na ni haki yake kulijua hilo kabla hajafungua mdomo.

Tuje kwenye maoni. Wengine, wakishaonywa kama ulivyoonywa wewe, hukimbilia upande wa pili na kuandika ripoti isiyo na maoni kabisa. Hilo nalo ni kosa. Mahakama imekuagiza kwa sababu inataka jicho la mtu wa kazi hii. Kinachotakiwa ni maoni yaonekane kuwa maoni, na njia yako ya kufikia hapo ifuatike. Yaweke kwenye sehemu yake yenye kichwa chake, na kila aya iseme imesimama juu ya aya zipi.

Kusita kwa yule mtoto kunaweza kutokana na hofu. Kunaweza pia kutokana na kutomwona baba kwa miezi 3, au kauli ya mama "hataki", au wewe mwenyewe, mgeni mwenye daftari uliyekaa kwenye kona. Mtaalamu huziorodhesha sababu zote zinazokubaliana na alichokiona, kisha husema kipi kingezitenganisha. Katika kesi hii, kumwona mtoto na baba mara ya pili, mahali pasipo kwa mama wala kwa baba, mama akiwa hayupo, kungesaidia kupima sababu mbili kati ya hizo nne. Kama muda bado upo, fanya hivyo kabla hujaandika. Kama haupo, sema kwamba haukuwepo.

Aya zenyewe zingekuwa hivi. Kwenye sehemu ya niliyoyaona na kuyasikia:

> 14. Nilimwona mtoto akiwa na baba mara 1, nyumbani kwa mama, kuanzia saa 4:20 hadi saa 5:05 asubuhi. Mama alikuwepo muda wote. Baba alipoingia, mtoto alikwenda nyuma ya kiti cha mama na kushika nguo yake. Hakuitika alipoitwa mara 2. Mama alisema, "Mwacheni, hataki."
>
> 15. Saa 4:31 mtoto alitoka, akaketi kama mita 1 kutoka kwa baba, akazungumza naye na kuchora naye hadi saa 5:05. Baba alipoinuka, mtoto alisema, "Utakuja tena lini?"
>
> 19. Mwalimu wa darasa aliniambia ana kwa ana kwamba mtoto amejikojolea darasani mara 2 muhula huu. Hakukumbuka tarehe. Sikuona kumbukumbu ya maandishi.
>
> 21. Mama aliniambia kwamba baba alimpiga mtoto kwa mkanda. Baba aliniambia kwamba hajawahi kumpiga. Mtoto hakuniambia kwamba amepigwa, na sikumuuliza moja kwa moja. Sijaona hati ya matibabu inayohusu jambo hili.

Na kwenye sehemu ya maoni:

> 31. Kwa kuzingatia aya ya 14 na 15, maoni yangu ni kwamba mtoto alisita kumkaribia baba mwanzoni, na baadaye alikaa naye kwa utulivu. Kusita huko kunaweza kutokana na hofu, na miezi 3 ya kutoonana (aya ya 8, ambayo pande zote zinaikubali), na maneno ya mama, au na uwepo wangu. Kwa kuwaona pamoja mara 1 siwezi kuchagua sababu moja. Utulivu wa baadaye hauthibitishi kwamba mtoto hajawahi kuumizwa, kwa kuwa watoto walioumizwa na mzazi huweza bado kumkimbilia na kumpenda.

Tazama sentensi ya mwisho. Inamzuia wakili wa baba asiitumie aya ya 15 kwa namna ambayo haiwezi kubeba, kama sentensi zilizotangulia zinavyomzuia wakili wa mama. Aya inayowaudhi wote wawili kwa kiasi sawa mara nyingi imekaa mahali pake.

Mipaka ya utaalamu ndiyo sehemu ambayo wengi huandika vibaya zaidi, kwa kuimaliza kwa mstari mmoja mwishoni: "Ripoti hii imeandaliwa kwa kadiri ya uwezo wangu." Mstari huo haumwambii hakimu kitu. Kwanza tenganisha mipaka ya aina mbili. Kuna mipaka ya uchunguzi: nani hukumwona, hati gani hukuipata, saa ngapi ulikaa, nani alitafsiri. Hiyo ingeweza kupungua kama muda ungeongezwa. Na kuna mipaka ya taaluma yako: mambo ambayo hata ungepewa mwaka mzima usingeweza kuyasema, kwa sababu hukusomea kuyasema. Hakimu anazihitaji zote mbili, kila moja peke yake, kwa kuwa dawa zake ni tofauti. Ya kwanza ataiponya kwa kukuongezea siku, ya pili kwa kumwita mtu mwingine.

"Ameathirika kisaikolojia" imevuka mpaka wa aina ya pili. Ulichokuwa nacho ni mwalimu aliyesema mtoto amejikojolea mara 2. Mtoto wa miaka 6 anaweza kujikojolea kwa sababu ya msongo, ndiyo, lakini pia kwa maambukizi ya njia ya mkojo, kwa choo kigumu kinachobana kibofu, au kwa kuogopa kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Kutenganisha sababu hizo ni kazi ya daktari kwanza, na ya mwanasaikolojia wa tiba baadaye ikibidi. Basi andika hivi:

> 32. Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Sina mafunzo ya kutambua maradhi ya mwili wala ya akili, na sisemi chochote kuhusu chanzo cha yaliyoelezwa katika aya ya 19. Naiomba mahakama ifikirie kuagiza mtoto aonwe na daktari. Daktari asipoona sababu ya mwili, mwanasaikolojia wa tiba aulizwe swali hili: je, kuna dalili za msongo zinazohitaji matibabu, na ni mpangilio gani wa kuonana na wazazi ungezipunguza au kuziongeza?

Hapo mpaka umegeuka kuwa kitu cha kutumika. Hukusema "sijui" ukanyamaza. Umemwambia hakimu nani anajua, na umeandika swali la kumuuliza.

Kuna mitego mingine miwili ya aina hii. Mmoja ni alama za kuvilia damu. Afisa akiona alama ya kijani kwenye paja la mtoto huandika "jeraha la siku 5 au 6 hivi". Rangi ya alama haitoi umri wake kwa uhakika, hata jicho la daktari likiitazama. Hubadilika kwa kina cha jeraha, sehemu ya mwili, rangi ya ngozi, hata mwanga wa chumba. Wewe andika mahali ilipo, urefu kwa sentimita, umbo, rangi uliyoiona, na saa. Ikiwa utaratibu wako wa kazi unaruhusu picha, weka rula kando yake. Umri wa jeraha na kilicholisababisha waachie wenye utaalamu. Na alama kama hiyo haisubiri ripoti: inapelekwa siku hiyohiyo kwa anayehusika na ulinzi wa mtoto.

Mtego wa pili ni kuandika kwamba mtoto "ana uhusiano imara" na mzazi huyu na "dhaifu" na yule, kwa lugha iliyoazimwa kwenye saikolojia ya watoto. Kipimo mashuhuri cha jambo hilo, alichokibuni mwanasaikolojia Mary Ainsworth, kilitengenezwa kwa watoto wa takriban miezi 12 hadi 18. Hufanyika katika chumba maalumu, kwa vipindi 8 vifupi vya kuachwa na kurudiwa, na husomwa na mtu aliyefunzwa kukisoma. Dakika 45 sebuleni na mtoto wa miaka 6 si kipimo hicho wala si ndugu yake. Unachoweza kusema ni chepesi zaidi na kina nguvu zaidi: akiumwa hulia akimwita nani, nani humpeleka shule, nani anajua jina la mwalimu wake, nani alijua kwamba penseli nyekundu ndiyo aipendayo.

Mpaka wowote ukishaandikwa, uweke kando ya maoni unayoyagusa, na useme unayafanya nini. "Sikuitembelea nyumba ya baba" ni nusu ya sentensi. Nusu ya pili ni "kwa hiyo sina maoni kuhusu mahali mtoto atakapolala akiwa kwake, na pendekezo la kulala huko lisitegemee ripoti hii." Bila nusu hiyo, msomaji anaachwa akisie uzito wa upungufu wako.

Msingi wa haya yote si wa jana. Mwaka 1993 Jaji Cresswell wa Uingereza, katika shauri la bima ya meli iliyoitwa Ikarian Reefer, aliorodhesha wajibu wa shahidi mtaalamu, na mahakama za nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza zimekuwa zikiirejea orodha hiyo. Mtaalamu ataje ukweli na dhana alizosimamia, asiache yale yanayodhoofisha maoni yake, aseme wazi swali likiwa nje ya taaluma yake, na maoni yakiwa ya muda kwa kukosa taarifa, aseme ni ya muda. Shauri lile lilihusu chombo cha chuma kilichokwama na kuungua. Kwa mtoto wajibu huo unabana zaidi, maana yeye hana wakili wa kukudodosa kwa niaba yake kila mara.

Sasa pendekezo. "Kwa maslahi yake bora" si hoja, ni jina la swali. Sheria za watoto za nchi nyingi huorodhesha mambo ya kupimwa. Tumia orodha ya sheria inayoiongoza mahakama yako. Isipokuwepo, Maoni ya Jumla Na. 14 ya Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, ya mwaka 2013, yanataja maoni ya mtoto, utambulisho wake, kuhifadhi mazingira ya familia na uhusiano, matunzo na usalama, hali ya udhaifu wake, afya na elimu. Huna haja ya kuandika kurasa 2 kwa kila kimoja. Katika kesi hii usalama na uhusiano ndivyo vinavyovutana, na hapo ndipo pa kutumia wino. Elimu, tuseme shule iko karibu na nyumba zote mbili, itoshe sentensi moja kwamba haiegemei upande wowote.

Usalama unategemea mkanda, na mkanda unabishaniwa. Usijaribu kuuamua. Andika njia mbili:

> 35. Mahakama ikiona, kwa mizania ya uwezekano, kwamba baba alimpiga mtoto kwa mkanda, napendekeza mtoto akae kwa mama, na aonane na baba mbele ya msimamizi mpaka mahakama itakapopokea ripoti nyingine. Mahakama ikiona kwamba hilo halikuthibitishwa, sijaona katika aya ya 14 na 15 sababu ya kuweka msimamizi. Kwa kuwa hawajaonana kwa miezi 3, napendekeza waanze na saa 2 mchana, mara 1 kwa wiki, kwa wiki 6, kabla ya kufikiria kulala kwa baba. Idadi ya wiki ni makadirio yangu ya kazi; haitokani na kipimo chochote.

Maneno hayo ya mwisho ni muhimu. Tarakimu huvaa sura ya sayansi hata pale ilipotoka kichwani mwako, na hakimu anapaswa kujua imetoka wapi.

Chagua pia maneno ya kiwango cha uhakika na uyaeleze mwanzoni mara moja: "nina uhakika" pale ambapo huoni maelezo mengine, "inaelekea zaidi" pale maelezo moja yanapozidi mengine, "siwezi kusema" pale yanapolingana. Kisha usiyabadilishe kwa ajili ya kupamba sentensi. Ukiandika "inaelekea" aya moja na "bila shaka" aya nyingine kwa jambo lilelile, swali la kwanza la dodoso litakuwa hapo, na litakuwa swali la haki.

Kuhusu mpangilio wa nje sina mengi: namba kwenye kila aya, nakala ya amri ya mahakama na maswali uliyoulizwa mwanzoni, elimu na uzoefu wako kwa mistari michache, kisha orodha ya watu uliozungumza nao ikiwa na tarehe na muda, hati ulizosoma, na ulizoomba ukakosa. Mfano wa hizi za mwisho ni kadi ya kliniki ambayo mama alisema inaeleza siku 6 ambazo mtoto hakwenda shule. Hukuiona, basi siku hizo 6 zibaki ukweli wa daftari la mahudhurio, na sababu yake ibaki kauli ya mama.

Kabla ya kuwasilisha, mwenzako anaweza kukusomea kwa ajili ya hesabu za tarehe na mantiki. Wakili wa upande wowote asikuguse sehemu ya maoni. Akiona kosa la ukweli, tarehe au jina, alete kwa maandishi, na upande wa pili uone alichokileta.

Ukisimama kizimbani na wakili akakuuliza jambo lililo nje ya mpaka ulioutaja, jibu ni sentensi moja: "Hilo liko nje ya utaalamu wangu, nimelieleza katika aya ya 32." Atauliza tena kwa maneno mengine, pengine mara tatu. Jibu lisibadilike. Akikuuliza kama maoni yako yangekuwa tofauti iwapo kauli ya mama "hataki" isingekuwepo, usione aibu kusema ndiyo, kama ni ndiyo. Aya ya 31 imeshasema kauli hiyo inaweza kuwa sababu mojawapo. Na ikitokea baada ya kuwasilisha mwalimu akapata daftari lenye zile tarehe mbili, na zote zikaangukia wiki ambazo mtoto hakuwa na baba kabisa, usingoje siku ya kusikilizwa. Andika nyongeza ya ukurasa mmoja, utaje aya ya 19 na aya zozote za maoni zilizoitegemea, useme nini kimebadilika na nini hakikubadilika, uipeleke mahakamani na kwa pande zote mbili siku moja.